Jibu la Milinganyo Miwili Lihakikiwe katika Milinganyo Yote Miwili

Katika madaftari ya hisabati ya vidato vya mwanzo huonekana mara kwa mara mstari mmoja ulioandikwa mwishoni mwa swali la milinganyo ya pamoja. Mwanafunzi amekwisha kupata thamani ya x na thamani ya y. Huandika neno "Uhakiki", akazirudisha thamani hizo katika mmoja wa milinganyo aliyopewa, akaona pande mbili zinalingana, kisha akapiga mstari wa kufungia swali. Mwalimu naye, akipita na kalamu nyekundu, huuona mstari huo akaridhika.

Hoja ya makala haya ni kwamba mstari huo mmoja, kwa jinsi unavyoandikwa mara nyingi, hauhakiki chochote. Unaweza kuandikwa na mwanafunzi aliyepata na mwanafunzi aliyekosa, nao ukatoka sawa kwa wote wawili. Jambo ambalo hutoka sawa daima, jibu likiwa la kweli au la uongo, haliwezi kuitwa uhakiki. Madhara yake ni makubwa kuliko kutohakiki kabisa, kwa kuwa mwanafunzi ambaye hakuhakiki hubaki na shaka, na shaka huweza kumrudisha kwenye kazi yake. Lakini yule aliyehakiki kwa namna hii huondoka na uhakika asiostahili kuwa nao.

Wanafunzi wawili na kosa moja

Na tutazame milinganyo hii miwili:

8x − 3y = 11 … (1)
2x − y = 1 … (2)

Njia iliyo rahisi hapa ni ya kubadilisha. Kutokana na mlinganyo wa pili, y = 2x − 1. Badala ya y katika mlinganyo wa kwanza huwekwa 2x − 1, nayo huzungushiwa mabano:

8x − 3(2x − 1) = 11

Mabano yakifunguliwa sawasawa, −3 ikizidishwa kwa −1 hutoa +3. Kwa hiyo 8x − 6x + 3 = 11, yaani 2x = 8, na x = 4. Kisha y = 2(4) − 1 = 7.

Kosa linalojulikana sana na kila mwalimu wa hisabati hutokea katika kufungua mabano hayo. Mwanafunzi huzidisha 3 kwa 2x, akakumbuka alama ya kutoa. Akifika kwenye −1, huiacha alama kama ilivyo na kuandika −3. Kazi yake huendelea hivi:

8x − 6x − 3 = 11
2x = 14
x = 7

Hakuna lolote katika namba 7 la kumshtua. Si sehemu, si hasi, wala si kubwa kupita kiasi. Sasa tuchukue wanafunzi wawili waliofanya kosa hilo hilo, kila mmoja katika daftari lake. Wa kwanza hutafuta y kwa kutumia mlinganyo wa pili: 14 − y = 1, basi y = 13. Wa pili hutafuta y kwa kutumia mlinganyo wa kwanza: 56 − 3y = 11, basi 3y = 45, na y = 15.

Wote wawili wanahakiki. Wa kwanza anarudi kwenye mlinganyo wa pili, ambao ndio aliokuwa nao mkononi: 2(7) − 13 = 14 − 13 = 1. Umelingana. Wa pili anarudi kwenye mlinganyo wa kwanza: 8(7) − 3(15) = 56 − 45 = 11. Nao umelingana. Wanafunzi hawa wana majibu mawili tofauti ya swali moja, wote wamekosa, na wote wamehakiki wakaridhika.

Jambo hili si bahati mbaya ya namba zilizochaguliwa. Mwanafunzi wa kwanza alipoipata y kutoka katika mlinganyo wa pili, aliuliza hivi: "Ikiwa x ni 7, y iwe ngapi ili mlinganyo wa pili utimie?" Jibu la swali hilo ni 13. Alipokuja kuhakiki katika mlinganyo huo huo, aliuliza tena: "Je, 7 na 13 zinautimiza mlinganyo wa pili?" Haiwezekani zisiutimize, maana y ilichaguliwa kwa ajili ya kuutimiza. Angekuwa na x = 100, angepata y = 199, na 200 − 199 ingekuwa 1 vile vile. Mstari wake wa uhakiki ulipima hesabu ya mwisho peke yake, yaani ile ya kutoka 14 − y = 1 hadi y = 13. Hatua zote zilizotangulia, pamoja na ile yenye kosa, hazikuguswa.

Kwa nini mlinganyo mmoja hautoshi

Mlinganyo mmoja wenye herufi mbili zisizojulikana hauna jibu moja. Una majibu yasiyo na idadi. Mlinganyo 2x − y = 1 hutimizwa na x = 1, y = 1; na x = 4, y = 7; na x = 7, y = 13; na jozi nyingine nyingi zisizohesabika. Jozi zote hizo zikichorwa kwenye karatasi ya grafu hupangika katika mstari mmoja mnyofu. Mlinganyo 8x − 3y = 11 nao una mstari wake. Mistari hiyo miwili hukatana mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo x = 4 na y = 7.

Kwa hiyo kuuliza katika mlinganyo mmoja ni kuuliza kama nukta iko kwenye mstari mmoja. Nukta ya mwanafunzi wa kwanza, yenye x = 7 na y = 13, iko kweli kwenye mstari wa pili, lakini iko mbali na mstari wa kwanza. Nukta ya mwenzake, yenye x = 7 na y = 15, iko kwenye mstari wa kwanza, lakini haipo kwenye wa pili. Swali liliwataka wapate nukta iliyo kwenye mistari yote miwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo maana ya kuiita milinganyo ya pamoja. Asiyeuliza katika milinganyo yote miwili hajahakiki jibu la swali aliloulizwa. Amehakiki jibu la swali lingine lililo rahisi zaidi.

Huenda msomaji mwerevu akatoa hoja hapa. Atasema: ikiwa mlinganyo uliotumika kupata y hutimia daima, basi yatosha kuhakiki katika ule mwingine, nao wa kwanza uachwe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwanafunzi wa kwanza angehakiki katika mlinganyo wa kwanza peke yake, angepata 8(7) − 3(13) = 56 − 39 = 17 badala ya 11, na kosa lake lingefichuka mara moja.

Hata hivyo, hoja hiyo inadhani kwamba hatua ya mwisho, ile ya kuipata y, ilifanywa bila kosa. Na hilo ni jambo linalotakiwa kuhakikiwa, si la kudhaniwa. Na atazamwe mwanafunzi wa tatu. Naye alikosea mabano akapata x = 7. Kisha, katika mlinganyo wa pili, 14 − y = 1, akaihamisha y vibaya na kuandika y = 14 + 1, yaani 15. Amekosea alama mara mbili, jambo ambalo si la ajabu, maana mkono unaopotea katika alama ya kutoa mara moja hupotea tena. Akihakiki katika mlinganyo wa kwanza pekee, ule ambao hakuutumia kupata y, anapata 56 − 45 = 11. Umelingana! Makosa mawili yamefunikana. Mlinganyo wa pili ndio unaomfichua: 2(7) − 15 = 14 − 15 = −1, wala si 1.

Basi sheria iliyo salama ni moja, nayo haimlazimu mwanafunzi kukumbuka ni mlinganyo upi aliutumia lini: thamani zote mbili zirudishwe katika kila mlinganyo. Jozi ikitimiza yote miwili, ni jibu, hata kama ilipatikana kwa kubahatisha. Isipotimiza mmoja, si jibu, hata kama kazi yake imejaza ukurasa mzima.

Milinganyo ya asili, si ile iliyogeuzwa

Kuna namna nyingine ya kuhakiki katika milinganyo miwili na bado kudanganyika. Nayo huonekana zaidi katika njia ya kuondoa, ambamo mlinganyo mmoja huzidishwa kwanza ili herufi moja iweze kuondolewa. Tuchukue mfano huu:

2x + y = 15 … (1)
4x − 3y = 25 … (2)

Ili kuiondoa y, mlinganyo wa kwanza huzidishwa kwa 3. Inatakiwa ipatikane 6x + 3y = 45. Lakini mwanafunzi anaweza kuuzidisha upande wa kushoto na kuusahau upande wa kulia, akaandika:

6x + 3y = 15 … (3)

Akijumlisha mlinganyo wa pili na huu wa tatu, anapata 10x = 40, basi x = 4. Akiiweka 4 katika mlinganyo wa pili, anapata 16 − 3y = 25, basi −3y = 9, na y = −3. Sasa anahakiki, na kwa kuwa amefundishwa kuhakiki katika milinganyo miwili, anachukua miwili iliyo karibu na macho yake, yaani ile aliyoijumlisha. Mlinganyo wa pili: 4(4) − 3(−3) = 16 + 9 = 25. Sawa. Mlinganyo wa tatu: 6(4) + 3(−3) = 24 − 9 = 15. Sawa tena.

Kosa halikuonekana kwa sababu lilikwisha kuingia ndani ya mlinganyo wa tatu kabla ya uhakiki kuanza. Mlinganyo ulioharibika hauwezi kutoa ushahidi juu ya uharibifu wake. Akirudi mwanzo wa swali, kwenye mlinganyo wa kwanza kama alivyopewa, anapata 2(4) + (−3) = 8 − 3 = 5, ilhali upande wa kulia una 15. Hapo ndipo ukweli hudhihirika. Jibu sahihi ni x = 7 na y = 1: 2(7) + 1 = 15, na 4(7) − 3(1) = 28 − 3 = 25.

Kwa sababu hiyo mwalimu asiseme tu "hakikini katika milinganyo yote miwili". Aseme "hakikini katika milinganyo miwili mliyopewa", na ingefaa mwanafunzi aangalie kitabuni au kwenye karatasi ya mtihani, wala si kwenye daftari lake. Mara nyingine kosa la kwanza kabisa hufanyika wakati wa kunakili swali, na daftari haliwezi kulionyesha.

Tofauti inapotokea

Faida nyingine ya uhakiki ulio kamili haizungumzwi sana darasani. Pande mbili zisipolingana, kiasi zinachotofautiana huweza kuelekeza mahali kosa lilipo.

Katika mfano wa kwanza, jozi 7 na 13 ilitoa 17 mahali pa 11. Tofauti ni 6. Kosa lilikuwa kuandika −3 mahali pa +3, na kutoka −3 hadi +3 ni hatua 6. Kwa kawaida kosa la alama huacha tofauti iliyo mara mbili ya namba iliyokosewa, kama namba hiyo imesimama peke yake bila herufi. Basi mwanafunzi aliyepata tofauti ya 6 ana haki ya kujiuliza: "Ni wapi katika kazi yangu pana 3 iliyokaa peke yake?" Katika mfano wa pili upande wa kushoto ulitoa 5 badala ya 15. Namba hizo zimeachana mara 3, na 3 ndiyo namba aliyozidishia. Hapo pana dalili kwamba kuzidisha kulifanyika upande mmoja.

Dalili hizi si ushahidi wa kukata shauri. Makosa mawili kwa pamoja, au kosa katika namba iliyo na herufi, huacha tofauti isiyosomeka kwa urahisi. Lakini hata pasipo dalili, mwanafunzi amekwisha kujua kwamba kosa lipo, na amejua kabla ya mwalimu kumwambia.

Ili tofauti hiyo ionekane, uhakiki hauna budi kuandikwa kwa uaminifu. Wanafunzi wengi huanza kwa kuandika 8(7) − 3(13) = 11, yaani wanadai usawa ambao ndio kwanza wanautafuta; kisha huendelea na hesabu huku macho yakiwa kwenye 11, na mkono huvutwa kuelekea huko. Iliyo bora ni kuandika kila upande peke yake:

Upande wa kushoto: 8(7) − 3(13) = 56 − 39 = 17
Upande wa kulia: 11
Pande hazilingani.

Mabano yanayozunguka kila thamani si pambo. Thamani iliyo hasi ikiingizwa bila mabano, kama ile −3 ya mfano wa pili, 4(4) − 3(−3) hugeuka kwa urahisi kuwa 16 − 9, na uhakiki wenyewe huzaa kosa jipya.

Milinganyo ikitimia lakini swali halikutimia

Uhakiki katika milinganyo ya asili hupima kazi iliyofanywa baada ya milinganyo kuandikwa. Swali linapotolewa kwa maneno, kuna hatua iliyotangulia, nayo ni ya kuyageuza maneno kuwa milinganyo. Hatua hiyo haipimwi na milinganyo.

Mfano mashuhuri umo katika kitabu cha kale cha hesabu cha Wachina kiitwacho Sunzi Suanjing, kinachokadiriwa kuandikwa kati ya karne ya 3 na ya 5. Ndege wa jamii ya kuku na sungura wamefungiwa pamoja. Juu vinahesabiwa vichwa 35. Chini inahesabiwa miguu 94. Ndege ni wangapi, na sungura ni wangapi? Ndege wakiwa x na sungura wakiwa y, milinganyo ni hii:

x + y = 35
2x + 4y = 94

Jibu lake ni ndege 23 na sungura 12. Lakini na tuseme mwanafunzi, kwa haraka, amebadilisha miguu akaandika 4x + 2y = 94. Akifanya kazi yake bila kosa lingine, atapata x = 12 na y = 23. Akihakiki katika milinganyo yake: 12 + 23 = 35, na 48 + 46 = 94. Yote miwili imetimia. Hata hivyo ndege 12 wana miguu 24, na sungura 23 wana miguu 92. Jumla ni 116, wala si 94.

Kwa swali la maneno, basi, "asili" ni maneno yenyewe. Jibu lirudishwe kwenye hadithi: vichwa vihesabiwe, miguu ihesabiwe, bila kuitazama milinganyo. Hiyo haibatilishi sheria iliyotangulia; inaifikisha mwisho wake. Kila mara jibu hupelekwa mbele ya kile alichopewa mwanafunzi, na sio mbele ya kile alichokitengeneza mwenyewe.

Mahali uhakiki unapofikia kikomo

Yafaa pia wanafunzi waambiwe mipaka ya jambo hili. Mpaka wa kwanza ni ule wa kukadiria desimali. Milinganyo 3x + y = 3 na 3x − 2y = 1 ina jibu x = 7/9 na y = 2/3. Mwanafunzi anayeziandika 0.78 na 0.67 atapata, katika mlinganyo wa kwanza, 2.34 + 0.67 = 3.01, na hatajua kama hiyo 0.01 ni ya kukadiria au ni ya kosa. Akitumia sehemu zenyewe, shaka huondoka: 7/3 + 2/3 = 9/3 = 3, na 7/3 − 4/3 = 3/3 = 1. Desimali zingoje hadi uhakiki umekwisha.

Tahadhari hiyo huwa na uzito zaidi mistari miwili inapokaribia kuwa sambamba. Katika milinganyo x + y = 2 na x + 1.01y = 2.01, jibu ni x = 1 na y = 1. Lakini jozi x = 2 na y = 0 huutimiza mlinganyo wa kwanza kabisa, na katika wa pili hutoa 2 badala ya 2.01. Anayesema "imekaribia, basi imelingana" atalikubali jibu ambalo x yake ni mara mbili ya ile ya kweli. Mistari ikiwa karibu sambamba, nukta inaweza kuwa mbali na mahali pa kukatana na bado ikawa jirani na mistari yote miwili. Kukaribia kulingana, kwa hiyo, si kulingana.

Mpaka wa pili ni huu: uhakiki huonyesha kwamba jozi ni jibu, hauonyeshi kwamba ni jibu pekee. Milinganyo x + y = 2 na 2x + 2y = 4 hutimizwa yote miwili na x = 1, y = 1; lakini pia na x = 2, y = 0, na nyingine nyingi, kwa sababu ni mstari mmoja ulioandikwa mara mbili. Hilo hutambuliwa kwa kulinganisha namba zilizotangulia herufi kabla ya kuanza kazi, wala si kwa kuhakiki baada yake.

Linalopasa kufanywa

Walimu wengine husema kwamba muda hautoshi. Ni kweli kwamba vipindi ni vichache na madarasa ni makubwa. Lakini uhakiki kamili wa mfano wa kwanza una mistari minne tu: upande wa kushoto na wa kulia wa mlinganyo mmoja, kisha wa mlinganyo mwingine. Anayedai kwamba hana nafasi ya mistari minne, naye tayari anaandika mmoja usiopima lolote, angefanya afadhali kuuacha huo mmoja.

Wengine husema kwamba majibu yapo nyuma ya kitabu. Majibu hayo husaidia nyumbani, hayaingii katika chumba cha mtihani. Zaidi ya hayo, jibu la nyuma ya kitabu humwambia mwanafunzi kwamba amekosa. Halimwambii kama upande wake wa kushoto ulizidi kwa 6 au ulipungua mara 3.

Kilichobaki kiko mikononi mwa wasahihishaji. Maadamu alama ya vema huwekwa kwenye uhakiki wa mlinganyo mmoja, wanafunzi wataendelea kuuandika huo mmoja, kwa kuwa ndio unaolipwa. Uhakiki usiofika kwenye milinganyo yote miwili iliyotolewa usipewe alama. Na kwa upande wa pili, mwanafunzi aliyefika mwisho wa muda, akahakiki sawasawa, akakuta 17 mahali pa 11, na akaandika kwa mkono wake "pande hazilingani, pana kosa", apewe alama ya uhakiki huo ijapokuwa jibu lake si sahihi. Amefanya kile hasa ambacho uhakiki umewekwa ili kufanya, na amekifanya kwa ukweli kuliko mwenzake aliyekosa vile vile akajitilia vema.